Malalamiko Yangu Juu ya Mkuu wa Magari

Wakati wa vita nilikuwa nashika redio katika shirika moja la misaada pale Bunia, mashariki mwa Kongo. Gari lolote lililotoka mjini lilipaswa kuniaga kwanza, kisha kuniita njiani, ili tujue liko wapi. Barabara ya Bambu ilikuwa inafungwa na kufunguliwa bila taarifa, na dereva aliyenyamaza alitutia sote hofu.

Mkuu wa magari alikuwa hodari kwa kazi yake, ila hakupenda kuulizwa na mwanamke. Jumatatu moja aliachia gari liende Bambu bila kuniarifu. Nilipomwita kwenye redio kumuuliza, alikuja mpaka chumba cha redio, akaninyang'anya mikrofoni, akasema mbele ya madereva wawili, "Watu wa upande wenu munapenda sana kujua gari inaenda wapi. Ile habari munapelekea nani?"

Madereva walitazama chini. Siku zile mtu aliyesemwa kwamba anapeleka habari kwa adui angeweza kufuatwa nyumbani kwake.

Mchana nilikaa nikaandika barua ya malalamiko kwa Kifaransa changu bora. Niliandika kwamba ni mtu mbaya, ana chuki na kabila letu, anatudharau kila siku, na kwamba mji mzima unajua anatumikia wanamgambo. Nilisoma tena, nikaridhika, nikaipeleka ofisi ya wafanyakazi.

Aliyeiongoza ofisi ile alikuwa mama mmoja kutoka Aru, mpole, asiye na haraka. Alisoma, akainuka, akafunga mlango.

"Dada, hii barua ikitoka humu ndani, inaweza kuua mutu."

"Kwa hiyo unamutetea?"

"Hapana. Niko nataka bakuamini." Akaweka kidole kwenye neno wanamgambo. "Hii uliiona weye? Kama uliona, tunaipeleka leo kwa mukubwa wa usalama."

"Sikuona. Batu banasema."

"Basi haiko yako."

Nikaikata sentensi ile. Akaniuliza kuhusu "kila siku". Nikasema karibu kila siku. Akaniuliza ni siku gani ninazoweza kuziapia. Nikafikiri, zikabaki mbili: Jumatatu ile, na siku moja ya wiki iliyotangulia, alipoachia gari jingine kimya kimya. Tukaziandika, kwa tarehe na mahali, pamoja na majina ya madereva waliokuwapo.

"Na chuki?" niliuliza, maana neno lile lilikuwa linaniuma kuliachia.

"Chuki iko mu roho yake, na weye hukuingia mule. Andika maneno alisema, vile alisema."

Nilidhani barua itapoa. Lakini maneno ya mkuu wa magari mwenyewe yalipokaa pale kwenye karatasi, bila mimi kuongeza kitu, niliyaona ni mazito kuliko lawama zangu zote. Chini yake niliandika kwamba gari lile lilikaa asubuhi nzima bila mtu kujua liko wapi, na kwamba tangu siku ile naogopa kukaa peke yangu chumba cha redio.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

Nilitaka afukuzwe. Nilipotulia, niliona ninayohitaji hasa: niarifiwe kabla gari lolote halijatoka, asiguse vyombo vyangu tena, na yale maneno ayafute mbele ya walioyasikia.

Akanieleza kwamba mkuu wa magari ataonyeshwa barua na kupewa nafasi ya kujibu, na madereva wataulizwa mmoja mmoja. Wala hakuniahidi kwamba nitashinda.

Jibu la mkuu wa magari lilikuja kabla ya wiki kwisha. Alikubali kosa la magari, alikubali na la mikrofoni. Maneno nayo alikubali kwamba aliyasema. Aliandika kwamba wiki ile aliyoyasema, nyumba ya shangazi yake ilikuwa imechomwa, na alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia. Mkurugenzi alimpa onyo la maandishi hata hivyo, na agizo la kuarifu redio kabla ya kila safari.

Kesho yake, uwanjani, magari yakiwa yanapashwa moto, aliwaita wale madereva wawili. "Maneno nilisema juu ya dada wa redio haikuwa kweli. Dada, naomba pardon."

Nilisema nimekubali. Nilimpa pole pia kwa shangazi yake, na hapo ndipo alipokunja uso kama mtu anayezuia machozi.

Hatukugeuka marafiki siku ile. Ila nililala vizuri, na kazi ikawa nyepesi. Miezi ilipita, tukaanza kugawana chai na maandazi kabla magari hayajatoka. Asubuhi moja aliniita kwenye redio akiwa mbele ya hospitali, akaomba ruhusa ya kutoa taarifa isiyo ya kazi: mke wake amejifungua msichana, na wote wawili ni wazima. Nilimjibu kwamba nimepokea. Halafu nikasikia madereva, mmoja baada ya mwingine, wakimpongeza kutoka barabarani.