Mchele Usiovuka Bahari

Kisiwa chetu cha Nzwani kilipojitenga na visiwa vingine, meli za kwenda huko zikawa hazina uhakika. Mimi nilikuwa Moroni, kisiwa kingine, nikiandika maneno ya tovuti ya duka moja. Watu wa Mutsamudu, mji wa Nzwani, walioko ughaibuni Marseille walikuwa wakiagiza mchele na mafuta wapelekewe mama zao, maana kwetu nyumba ni ya mama. Walichagua bidhaa vizuri tu, lakini wakifika ukurasa wa kulipa, wanaondoka.

Bosi akataka tushushe bei. Nilikataa, nikampigia simu dada mmoja aliyeacha agizo lake njiani.

"Nilipe, halafu mchele ukwame bandarini Moroni?" akanifokea.

Nilitamani kujizaba kibao. Mchele wenyewe ulikuwa ghalani Mutsamudu tangu kabla ya mzozo. Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa la kawaida mno hata hatukuliandika. Ukurasa ulitaja anwani ya Moroni tu.

Juu ya kitufe cha kulipa nikaandika: "Mzigo huu uko Mutsamudu tayari, hauvuki bahari. Tutampigia mama yako simu, kisha tutampelekea hadi kijijini kwake, iwe Mirontsy au Patsy. Kadi yako haitakatwa pesa mpaka aupokee."

Wateja waliokuwa wakiishia njiani wakapungua. Bei haikuguswa. Kwa furaha nikamwagizia na mama yangu kule Mutsamudu gunia moja.

Alinipigia huku akicheka.

"Mchele umefika, mwanangu. Na wewe utafika lini?"