Dawa ya Utupa kwa Kiingereza

Shangazi yangu hulima maharage milimani, na mwaka mmoja nilimrekodi akitwanga majani ya utupa, akiyaloweka na kunyunyizia maji yake shambani kuua wadudu. Video niliyoweka mtandaoni ilikuwa moja tu, yenye sauti ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Sauti za kigeni zilisomwa na watu wanaojua. Vichwa vya video na maelezo yake niliandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha darasani, maana nilikuwa na kichwa kigumu na sikutaka kumwomba mtu.

Asubuhi moja shangazi alikuwa ameteremka mjini Same kununua mbolea, akapita dukani kwangu. Nilimwamkia, nikamfungulia video aone watu wanavyomsifu. Katikati ya sifa, mama mmoja alikuwa ameuliza kwa Kiingereza, dakika chache tu zilizopita: mtoto wake ana minyoo, ampe vijiko vingapi?

Nilimtafsiria shangazi. Alikaa chini.

"Utupa unaua samaki mtoni," alisema. "Huyo atamzika mtoto."

Nilimjibu yule mama kwa Kiingereza kwamba ni sumu, asimpe hata tone. Kisha nikakimbilia kichwa cha video, nikafuta "Dawa ya utupa" nikaandika "Sumu ya utupa ya kuua wadudu wa maharage". Nilifungua upya kwenye simu, nikaona kimebadilika, nikashusha pumzi.

Shangazi hakushusha. Aliuliza kama yule mama anasoma Kiswahili.

Hapo ndipo nilipozinduka. Simu yangu ni ya Kiswahili, kwa hiyo siku zote ilinionyesha kichwa cha Kiswahili. Kila lugha ina kichwa chake na maelezo yake, na ukigusa kimoja vingine havitikisiki. Nilifungua cha Kiingereza. Pale nilikuwa nimeandika neno la dawa ya kumeza, ile ya hospitali. Sauti ilitaja kiuatilifu, yaani sumu ya wadudu, vizuri kabisa, ila mimi mjuaji niliona dawa ni dawa. Kifaransa nacho nilikuwa nimekitoa kwenye Kiingereza changu, kosa lile lile. Mtandao wa Same siku hiyo ulikuwa unajikokota. Nilirekebisha vichwa na maelezo, shangazi akiomba kwa Kipare, na jibu la yule mama halikuja.

Lilikuja karibu na adhana ya adhuhuri. Alisema alisoma kichwa na maelezo, akatazama picha hadi pale pa kuloweka tu, bila sauti kwa kuwa mtoto alikuwa amelala. Majani alishayachemsha, yalikuwa yanapoa. Ameyamwaga.

Nililia pale pale kwenye kaunta, bila aibu. Shangazi aliniacha nimalize. Kisha akachukua simu, akaitazama ile idadi ya watu waliokwisha kuitazama video.

"Huyu aliuliza," alisema. "Na ambaye hakuuliza?"