Usingizi wa Bibie na Donge Nililolipiga Ngumi

Hapa Uyole watu wengi hupika maandazi, lakini Bibie ni mmoja. Ni mke wa rafiki yangu Mrisho, fundi wa kuziba pancha za malori, na kwa hiyo ni shemeji yangu, iwe anapenda au hapendi. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye mikono ya mpiga ngumi na ulimi wa pilipili kichaa. Kila siku ya Mungu huamka saa tisa usiku. Ikifika saa kumi na moja alfajiri ndoo mbili za maandazi ziko tayari, na Fanueli, kondakta wa basi la Dar es Salaam, anazipakia kuwauzia abiria wake.

Mimi shule niliishia darasa la saba, tena hesabu niliikimbia, lakini hii ya Bibie naweza kuipiga hata usingizini. Analala saa mbili usiku, anaamka saa tisa. Hizo ni saa saba za usingizi. Halafu mchana, saa saba kamili, akishaswali na kula, anajitupa kwenye mkeka nusu saa. Alienda hivyo miaka kumi na moja, na hakuna siku basi lilimngoja.

Mwezi wa sita mambo yakaharibika. Kwanza alichelewa dakika kumi, Fanueli akanuna. Mara ya pili alichelewa nusu saa, basi likaondoka na ndoo moja tu, na maandazi ya chini yakiwa mabichi katikati. Fanueli hakugomba. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya kukatia tiketi:

"Mama, ya tatu ikitokea, ndoo ya pili nachukua kwa Bertha. Mimi nina abiria, sina subira."

Bertha ana meza ng'ambo ya barabara na amekuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu simu za vitufe. Bibie akiipoteza ile ndoo ya pili, na ya kwanza itafuata, na hapo biashara yote imekwenda.

"Usingizi umenihama, shemeji Kalinga," aliniambia mchana ule. "Saa mbili nalala, naangalia dari. Saa tatu dari. Saa tano ndiyo naupata, na saa tisa simu inalia kama msiba."

Sasa hapo ndipo walipopata bahati, maana mimi nipo. Sijui familia zisizo na mtu kama mimi huishije. Nilimwambia aache chai ya jioni. Akaacha, dari ikabaki palepale. Nikamwambia anywe maziwa ya moto. Akanywa, akawa anaangalia dari akiwa ameshiba. Mrisho akaanza kunong'ona kwamba Bertha ana mganga kule Chunya. Nikamkataza, nikamwambia Bertha mchoyo, hawezi kumlipa mganga.

Kisha nikatoa dawa yangu kubwa: "Shem, usiku unapata saa nne tu za usingizi. Zilizobaki fidia mchana. Usilale nusu saa, lala mpaka ushibe."

Akanisikiliza, maskini. Akawa analala kuanzia saa kumi na nusu mpaka adhana ya magharibi. Anaamka uso umevimba, hajui kama ni leo au kesho. Na usiku dari ikahamia mpaka saa sita.

Msomaji ataniuliza, kwa nini saa kumi na nusu, wakati zamani alikuwa akilala saa saba. Ni swali la mtu mwerevu. Mimi wakati ule sikujiuliza.

Katikati ya hayo dada yangu wa Ipogolo, Iringa, akaniita kwenye posa ya mwanawe. Nilikaa siku nne, nikawafundisha wote jinsi ya kuongea mbele ya wakwe. Niliporudi Uyole nikakuta Bibie ana uso wa bibi harusi.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Siku nne hizi nalala kama gunia. Saa mbili tu, naenda."

"Unaona dawa yangu ilivyofanya kazi taratibu."

Nikakaa kwenye stuli yangu, ile niliyoanza kuikalia kila mchana mwezi wa sita, saa saba hiyo, nikaanza kumpa habari za Iringa. Nina habari ndefu mimi, na tamu. Nilipomaliza ilikuwa saa kumi na robo. Akaenda kujilaza. Usiku ule, dari. Na usiku uliofuata, dari tena.

Siku ya tatu, nilipomaliza habari zangu, nilimfuata jikoni alikokuwa akimsubiri ustadhi wa madrasa, aliyeagiza maandazi hamsini ya watoto kwa saa kumi na moja jioni. Donge la unga lilikuwa ndani ya beseni, limefunikwa khanga karibu na jiko, maana kwa baridi ya huku hamira bila moto ni mvivu. Lilikuwa limeumuka likaisukuma khanga kama tumbo la mjamzito. Mkono wangu una shetani wake. Nikafunua, nikalipiga ngumi moja ya haki. Likatoa pumzi, likalala chini.

"Shemeji," alisema Bibie polepole. "Hilo nimelitia hamira saa sita. Sasa hivi ni saa kumi."

"Si litaumuka tena?"

"Litaumuka. Lakini linaanza upya. Ustadhi akifika litakuwa bapa kama chapati." Akaangalia beseni. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona jambo linapita machoni mwake. "Usingizi nao unaumuka."

"Unaumuka vipi?"

"Nikiamka saa tisa, hamira imetiwa. Kila saa niliyo macho unapanda. Saa saba mchana nikiulaza nusu saa, ni kama kuubonyeza kwa kidole. Unashuka kidogo, na kutoka hapo mpaka saa mbili usiku una muda wa kujaa tena mpaka juu. Lakini nikikaa macho mpaka saa kumi na nusu umejaa kweli, ndiyo maana nazama kama jiwe. Halafu nikilala mpaka magharibi nimeupiga ngumi. Saa mbili nataka kuuchoma, na bado bapa."

"Mimi si ndiyo nilikuwa naelekea kukuambia hivyo."

"Na nani ananiweka macho kuanzia saa saba mpaka saa kumi, kila siku, isipokuwa zile nne alizokuwa Iringa?"

Nikatazama nje. Kulikuwa na lori la viazi likirudi nyuma, nikaona nilisaidie kwa macho.

"Leo muda umepita, silali," akasema. "Navumilia mpaka saa mbili. Na kesho saa saba mlango una komeo."

Jioni ile alipiga miayo mpaka Mrisho akaanza kupiga naye. Alisinzia akichambua mchele, wakamwamsha. Isha haijatulia vizuri, saa mbili kasoro, akawa ameondoka duniani kwa usingizi. Asubuhi Fanueli alikuta ndoo mbili zinatoa moshi, akazipakia, na Bertha ng'ambo akapanga vikombe vyake upya.

Sasa wiki ya tatu. Mchana komeo liko mahali pake, nami nimeonyeshwa njia ya kwenda kwa Mrisho, ambako habari zangu zinashindana na kompresa. Jana nilimweleza Fanueli jinsi nilivyomponya Bibie kwa ngumi moja tu. Bibie alikuwa anahesabu maandazi, hakuinua kichwa.

"Mwambie na ustadhi alikula nini siku ile," akasema.

Alikula chapati za lile donge. Na alizisifu.