Chai ya Kijani Iliyochukua Sifa ya Vidonge

Ilianza na gambuti. Mama ya mume wangu, ambaye boma nzima tunamwita Kogo kwa sababu ni nyanya ya mtoto wangu, alipewa vidonge viwili kliniki: kimoja cha presha, kingine cha mafuta kwa damu. Baada ya wiki chache vifundo vya miguu vikavimba. Asubuhi anakaa kwa stuli, anasukuma mguu ndani ya hicho kiatu kirefu cha mpira, na mguu unakataa. Huku kwetu huwezi kuingia shambani bila gambuti. Umande wa majani chai unakuloanisha hadi mapajani, na vijiti vilivyokatwa chini vinachoma.

"Hii dawa ya presha inataka kunikata miguu," alisema. "Mama Baby, wewe ndiye umesoma. Tafuta kitu ingine."

Ni kweli, mimi ndiye msomi wa hiyo boma. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu niolewe hapo kila karatasi inayoingia inaletwa mbele yangu. Nikatoa simu. Nikaandika presha, nikaandika kolestro. Ikaniambia chai ya kijani inapunguza zote mbili. Nikafunga simu. Sikuuliza inapunguza kiasi gani. Miaka minne ya sekondari, hesabu nilipata alama nzuri tu, na sikuuliza kiasi gani.

Kogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Chai? Hii chai yetu?"

"Hii hii. Tofauti ni vile inatengenezwa. Kiwandani wanaiacha igeuke rangi, halafu wanakausha. Ya kijani inapigwa joto mapema, isigeuke."

"Kwa hivyo tumekuwa tukibeba dawa mgongoni, tunapelekea watu kwa kituo cha kuuzia majani, halafu sisi tunarudi kunywa vumbi ya duka na maziwa?"

Hilo lilimwingia kabisa. Mkulima wa chai ukimwambia shamba lake ni hospitali, hatakubishia, utamwambia nini tena. Kesho yake tulichuna majani mawili na kichipukizi, yale laini, tukayatia kwa sufuria kavu juu ya moto mdogo, nikageuza kwa mwiko mpaka yakalegea, nikayasugua kwa viganja, nikayaanika juu ya gunia. Yalitoka vizuri. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu walisema baadaye kwamba tulikosea kutengeneza. Hatukukosea. Ilikuwa chai ya kijani, chungu kama ile ya dukani.

Halafu kwa chama chetu cha akina mama akaja mwanamke mmoja kutoka Sotik na mifuko ya maua mekundu yaliyokaushwa, hibiskasi. Anaongea kama mhubiri. "Mama, hii ukikunywa mwezi, daktari atakuuliza ulienda wapi kutibiwa!" Kogo akanunua mifuko miwili. Asubuhi ya kijani, jioni nyekundu. Chai ya maziwa akaacha, na kwa Mkipsigis hiyo si kitu ndogo.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo tuliumia. Huo mwezi wote alikuwa bado anameza vidonge. Analalamika, lakini anameza. Mwisho wa mwezi tukapita Roret, kwa duka la dawa lenye mashine ya kupima presha. Mara ya kwanza kliniki namba ya juu ilikuwa mia moja sabini na nane. Sasa ikasoma mia moja thelathini na sita. Kogo alinishika bega mbele ya watu.

"Huyu msichana ameniponya!"

Na mimi nikafurahi. Nilitembea hiyo barabara kama mtu amepewa cheti. Kidonge kilifanya kazi, chai ikapewa makofi, na mimi nikapewa makofi pamoja na chai. Wiki hiyo hiyo aliacha dawa zote. Alinionyesha pakiti kabla ya kuziweka juu ya kabati. Ningesema hapana, angenisikia. Nilisema, "Kama unajisikia vizuri, Kogo."

Miguu ikapungua. Gambuti zikaingia. Hatukupima tena, tungepima nini na amepona?

Mwezi wa nne hivi tangu aache dawa, tulikuwa tunachuna mistari miwili iliyopakana, mtoto amelala mgongoni kwangu. Nikaona majani yake yanaanguka chini, hayafiki kwa kikapu. Nikafikiri anafanya mchezo. Nikamwambia, "Kogo, leo unalisha kuku?" Akageuka kunijibu na mdomo ukaenda upande mmoja. Mkono wa kulia uling'ang'ania tawi, halafu ukaliacha, ukaning'inia.

Hospitalini walisoma mia mbili na tatu. Ilikuwa stroku, kiharusi. Muuguzi, mama mtu mzima wa kutoka upande wa Kisii, aliniuliza vidonge viko wapi. Nikamweleza habari ya chai. Sikuficha. Nilingoja anitukane, ningependa anitukane.

"Haikuwa uongo," akasema. "Hiyo ndiyo shida yake. Hayo maua mekundu, mtu akikunywa kila siku kwa wiki kadhaa, namba ya juu inaweza kushuka kidogo. Tuseme saba hivi, wengine hata hiyo hawapati. Ya kijani ni mbili, labda tatu. Kwa mafuta ya damu, ya kijani inasukuma kidogo sana, na hayo maua hata hatuna uhakika. Sasa wewe toa saba kwa mia moja sabini na nane."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Toa, si umesoma?"

"Mia moja sabini na moja."

"Na hiyo ni nini?"

"Ni presha."

"Ni presha ile ile. Anywe kama anapenda, haina ubaya, lakini juu ya dawa, si mahali pa dawa. Na kwa nini aliacha?"

Nikamwambia miguu ilivimba, gambuti haziingii. Akaweka kalamu chini.

"Hicho kidonge huvimbisha watu wengine miguu. Mngekuja kusema. Tunabadilisha."

Walibadilisha. Miguu haikuvimba tena. Ilikuwa kitu cha kusema kwa sentensi moja, kwa benchi ya kliniki, na sisi tulizunguka miezi na masufuria.

Mwanamke wa Sotik alirudi kwa chama. Nilisimama nikasema hizo namba zote, saba, mbili, tatu, nikasema mkono wa Kogo hauwezi kuchuna tena. Akanitazama kwa huruma, huyo mama, kwa huruma! "Pole, mamaa. Labda hakukunywa na imani." Wanawake tunaochuna pamoja kila wiki waliinamisha vichwa, halafu wakapanga foleni kwa mifuko yake. Jirani yangu akaninong'oneza, "Lakini si umesema inapunguza?"

Siku hizi nachuna mistari yake na yangu peke yangu, na mtoto anakaa na Kogo nyumbani, kwa mkono wa kushoto anamshika. Jioni anataka yake nyekundu. Ameuzoea ule uchachu. Nampikia kikombe kimoja, lakini nakishika mimi mpaka aweke kidonge kwa ulimi.

"Unaniangalia kama askari wa jela," anasema, maneno yakitoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Meza."

"Huniamini, Mama Baby?"

Simwambii ni nani nisiyemwamini. "Fungua mdomo nione," nasema, na yeye anafungua.