Baba Kwenye Orodha ya Picha

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu visima vilivyonywesha misafara ya zamani iliyopita Tabora, na aliyenionyesha visima hivyo ni baba yangu mzazi, mchimba visima wa Bukene. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nimwiteje kwenye maandishi? Msimamizi wangu alichoka kukuta mara "baba", mara "mzee", mara "mtoa taarifa". Akaniambia nichague jina moja na nisirudi kwake na matatu.

Idarani wote waliandika kwa Word. Mimi Word ilinishinda, maana nikigusa picha ya sura ya pili, za sura ya nne zinahama. Nikajifunza LaTeX, ambayo unaandika maneno yako pamoja na amri, kisha unabonyeza, nayo inapanga kurasa na kukupa PDF. Nikatunga amri yangu mwenyewe, \mzee. Kila nilipoiandika, kwenye PDF ilitoka "Mzee wa Visima". Nikiamua kubadili jina, nabadili mstari mmoja tu huko mwanzoni, na tasnifu nzima inafuata. Nilijiona mjanja sana.

Baba aliiona PDF alipokuja mjini mara ya mwisho. Kurasa za mwanzo nilizipanga peke yake, kwa namba za Kirumi, na ukurasa wa tabaruku haukuwa na namba kabisa. "Kwa Mzee wa Visima," ulisema, "aliyejua maji yalipo." Akauliza mbona ukurasa wake umenyimwa namba. Nikamwambia ndio heshima yenyewe. Akacheka, akasema basi wote wangetaka kunyimwa.

Akarudi Bukene. Wiki iliyofuata kaka alinipigia simu asubuhi, nikiwa nasahihisha daftari za wanafunzi. Hakunisalimia. Alisema, "Baba hatunaye." Nilimwuliza amekwenda wapi. Mpaka leo siamini kama niliuliza hivyo, lakini niliuliza.

Tulipotoka msibani, shangazi, dada yake baba, alinisindikiza mpaka kwangu Tabora akae nami. Tarehe ya kukabidhi tasnifu ilikuwa kesho yake, na chuo hakikupokea baada ya hapo. Nilifungua kompyuta nikidhani nitabonyeza na kutuma tu. Shangazi akavuta kiti, akavaa miwani, akasoma tabaruku.

"Hujaandika marehemu," alisema.

"Shangazi, niliandika akiwa hai."

"Anayesoma kesho atampelekea salamu. Nani atazipokea?"

Nilikwenda kwenye ule mstari wangu wa ujanja, nikaongeza neno moja mbele ya jina, nikabonyeza.

Sikuwa nimejiandaa. Tabaruku: Kwa Marehemu Mzee wa Visima. Shukurani: marehemu. Sura ya tatu, alikokuwa akibishana nami kuhusu kina cha kisima, marehemu ndiye aliyebisha. Chini ya picha nzuri kuliko zote niliandika zamani kwamba anacheka kando ya kamba, na sasa ilisomeka, "Marehemu Mzee wa Visima akicheka kando ya kamba." Kwenye marejeleo, mahojiano yangu na yeye yakawa mahojiano na marehemu. Msibani nilisimama wima, nikapokea watu, nikagawa chai. Hapa nilirudisha kiti nyuma, mbali na kioo. Mstari mmoja ulimzika upya kila ukurasa, na niliyeuandika ni mimi.

Shangazi alirudisha kurasa nyuma, taratibu, mpaka ukurasa wa tisa wa Kirumi, kwenye orodha ya picha. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa mbona yu hai?"

Kweli. "Mzee wa Visima akicheka kando ya kamba," bila neno lingine. Nikamweleza. LaTeX ikipita kwenye maandishi huandika pembeni orodha ya picha, lakini inayoichapa ni ile iliyoandikwa safari iliyotangulia. Kwa hiyo orodha hubaki nyuma kwa safari moja. Ukibonyeza tena, inalingana.

"Kwa hiyo haijapata habari," alisema.

"Haijapata."

Nilisogeza mkono kwenye kitufe. Shangazi akaushika. Yeye, aliyekuja na neno lake la marehemu, aliushika kwa nguvu kabisa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nipashe chai."

Akapasha chai. Tulikunywa tukitazama ule mstari wa orodha, PDF ikiwa wazi mbele yetu. Vikombe vilipokwisha aliviosha, akavifuta, akarudi kuketi. Akavua miwani yake, akaikunja.

"Haya," alisema. "Iambie."

Nikabonyeza.