Muhuri wa Ghorofa Mbili

Mama Skeli, kama wateja walivyomwita kwa ajili ya rula yake ya vipimo, alikuwa amechora nyumba za watu kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna faili lililomtia baridi kama lile la shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Shemeji alilitua mezani huku akicheka. Ndani mlikuwa na fomu ya maombi, nakala ya hati ya kiwanja, ramani ya upimaji, na michoro ya nguzo na msingi yenye muhuri wa mhandisi.

"Shemeji, hapa pameandikwa ghorofa mbili," alisema Mama Skeli. "Unaomba kibali cha ghorofa nne."

"Si ubadilishe namba tu? Muhuri si upo?"

"Na ripoti ya udongo?"

"Udongo ni udongo."

Mama Skeli alichukua futi yake ya kupimia akaenda kiwanjani, maana ramani ya eneo lazima ionyeshe umbali wa jengo hadi kila mpaka. Alipofika, jengo lilikuwa limekwisha kusimama, na mafundi walikuwa wakisuka nondo za ghorofa ya tatu. Chini, ukuta wa kona ulikuwa na ufa uliopanda kimshazari. Mlinzi, aliyeishi chumba cha kona hiyo na mkewe, alikuwa akiupiga teke mlango wake.

"Jana ulifungika vizuri," alisema. "Leo umegoma."

Mama Skeli alimpigia simu mhandisi mwenye muhuri. Mhandisi akasema: "Niliukokotoa msingi ule kwa ghorofa mbili. Nani amewaambia waendelee?"

Kwa siku mbili Mama Skeli alichora alichokiona: jengo lilivyo, na ufa ulipo. Mumewe alimwangalia kwa jicho la pembeni. "Unamchoma ndugu yangu."

"Namchora," alijibu.

Katika ofisi ya vibali, karani alipekua faili akipiga tiki kwenye orodha yake. "Michoro ya msanifu, ipo. Ya mhandisi ni ya ghorofa mbili, haikubaliani na hii. Ripoti ya udongo sioni."

"Haipo. Sikuja kuomba kibali, mwanangu. Nimekuja kuomba mkaguzi."

Mkaguzi alikwenda mchana huohuo. Alipiga alama nyekundu ya kusimamisha kazi, akabandika kipande cha kioo kwa saruji juu ya ufa. Kama ukuta unatembea, alieleza, kioo kitasema.

Shemeji alipiga simu mara moja tu. "Umeniua," akakata.

Siku ya tatu mkaguzi alikikuta kioo kimepasuka katikati. Mlinzi na mkewe walihamishwa kabla ya jua kuzama, godoro kichwani, na amri ya kubomoa ghorofa za juu ikaandikwa.

Shemeji amekata rufaa. Jengo bado limesimama, na watu wa mtaa ule sasa hupita upande wa pili wa barabara bila kuambiwa.