Muhuri wa Madina Mbele ya Kadhi wa Al-Kufa

Wanaosema wifi yangu Khulayda aliishi na waume wawili kwa wakati mmoja ni waongo. Wanaosema marehemu mume wangu Ubaidi alihongwa ili amwandikie barua ni waongo zaidi. Ubaidi alikuwa mwandishi wa kadhi wa Madina miaka kumi na tisa, na Khulayda alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mimi nilisomeshwa na baba yangu kabla ya kuolewa, na siku ya hukumu nilikuwepo. Nayaandika niliyoyaona.

Khulayda alikuwa msokota sufu, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Mume wake Mirdasi alipakia ngozi akaenda Iraki, akapotea. Hakukuwa na vita huko alikokwenda, hakuna aliyeona kaburi lake, wala talaka haikuja. Khulayda alikaa miaka miwili akiuliza kila msafara. Mwisho Ubaidi akampeleka kwa kadhi.

Kadhi aliandika Basra na Al-Kufa kumtafuta, na majibu yaliporudi matupu, akamwambia, "Miaka minne, mama. Tunahesabu kuanzia leo tulipokosa habari zake."

"Na ile miwili niliyokwisha kulia?"

"Hiyo ulilia kwa hiari yako."

Alicheka, masikini, ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona akicheka barazani kwa kadhi. Akangoja miaka minne. Kisha akakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, asijipake manukato wala wanja. Ndivyo inavyofanywa Madina. Hukumu hiyo imetoka kwa Umar, na watu wameishi nayo baba kwa mwana, hata wanawake wasiojua kusoma wanaijua. Akishaolewa na mwingine, wa kwanza akirudi hana njia kwake tena.

Ndipo akaolewa na Dhuaybu, mtia rangi nguo, mtu mpole asiye na maneno mengi. Miezi michache baadaye kazi ikampeleka Dhuaybu Al-Kufa, naye akamchukua mkewe. Kabla hawajaondoka, Ubaidi aliandika hukumu ya kadhi, kadhi akapiga muhuri wake kwenye udongo, na barua ikatiwa katika mfuko wa ngozi waende nao. Mwandishi mwenziwe alikuwepo akiona. Hakuna aliyefikiri kuwapeleka wote wawili Iraki wakashuhudie. Kwetu muhuri wa kadhi ukijulikana, barua inatosha. Hilo ndilo kosa la Ubaidi, kama ni kosa, na wengine wote mjini wangelifanya.

Mwaka wa pili Khulayda akamzaa Lubaba. Mtoto hajaota hata meno, Mirdasi akarudi. Alikuwa amefungwa gerezani mashariki miaka yote hiyo, amedhaniwa ni mwasi. Alitoka na mguu mmoja uliopinda, akafika Al-Kufa, akasikia sokoni jina la mke wake. Watu wa huko wakamwambia asihangaike kwenda Madina, amshitaki papo hapo.

Barua ya Dhuaybu ilipotufikia, tuliondoka mimi na Ubaidi. Yule mwandishi mwenziwe alikuwa amekufa kwa homa.

Kadhi wa Al-Kufa alikaa msikitini, ameegemea nguzo, na wanafunzi wamemzunguka. Watu walikuwa wamejaa kama wamekuja harusini. Mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Hawa wa Hijazi wana akili! Mume wa baridi, mume wa joto." Wakacheka. Khulayda aligeuka akamwambia, "Na wewe mama yako anatosha na mmoja?" Nikambana mkono.

Mirdasi akasema maneno machache tu: "Huyu ni mke wangu. Sikumwacha, na sikufa."

Ubaidi akaeleza miaka minne na eda. Kadhi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeyapata kwa nani?"

"Tumewakuta watu wetu wakifanya hivyo, nao waliwakuta wa kabla yao."

"Watu gani? Wauza tende? Maliwali? Nitajie mtu aliyesikia kwa mtu."

"Sheikh, pishi yetu ya kupimia zaka sikuipokea kwa mtu mmoja. Ipo kila nyumba. Ni mji wa Mtume, tunafanya tulichoachiwa."

"Hata sisi tuna pishi, nayo ni kubwa kuliko yenu, na tuliikuta kwa mama zetu." Wanafunzi wakatabasamu. "Masahaba waliohamia hapa kwa mamia, ndugu yangu, waliiacha elimu yao njiani? Kwetu imetoka kwa Ali kwamba huyu ni mwanamke aliyepewa mtihani, avumilie mpaka ajiliwe na habari ya kifo au talaka. Imetufikia kuwa na Ibn Masudi alikubaliana naye. Hata huyo Umar wenu, imepokewa kwamba alimpa hiari mume aliyerudi: achukue mke au arudishiwe mahari."

"Tumeisikia. Wazee wetu waliwakanusha walioisema, kwa sababu hatukukuta mtu akiifanya."

"Kwa hiyo habari ikija kinyume cha mazoea yenu, mnaitupa habari."

"Tunauliza kwa nini mji mzima haukuijua."

Hapo niliona kadhi hakuwa na uadui. Alikuwa mtu wa mji wake, kama Ubaidi alivyokuwa wa wetu. Ubaidi akautoa ule mfuko wa ngozi, aliopewa na Khulayda. "Basi tuache rai. Kadhi wetu amekwisha kuhukumu. Huu hapa muhuri wake."

Kadhi hakuugusa. "Mashahidi wawili waliosomewa barua hii wako wapi?"

"Niliiandika mimi. Mwenzangu amefariki."

"Wewe ni mmoja."

"Nitaapa."

"Shahidi mmoja na kiapo ni kwenu, na hata kwenu ni katika mali tu. Muhuri huchongwa, na udongo uko kila mahali. Zamani tulipokea muhuri peke yake mpaka tulipodanganywa." Kisha akasema neno ambalo Ubaidi alilibeba mpaka kaburini: "Kama ingethibiti kwangu kwamba kadhi mwenzangu amehukumu, nisingeivunja hukumu yake, ingawa mimi sioni hivyo. Mambo kama haya kadhi havunji hukumu ya kadhi. Lakini haijathibiti."

Akamtenga Khulayda na Dhuaybu saa ile ile. Hakumpiga wala kumwita mzinifu, na hilo waseme wote: ndoa ilifungwa kwa kudhani ni halali, adhabu hakuna, na mahari akabaki nayo. Akaamuru akae eda ya hedhi tatu katika nyumba ya mwanamke mwaminifu, kisha arudi kwa Mirdasi.

Dhuaybu akauliza, "Na binti yangu?"

Kadhi aliinamisha kichwa. "Wako wenzangu watakaosema ni wako. Ninavyoona mimi, mtoto ni wa mwenye kitanda, yaani mwenye ndoa, na kitanda hakikutoka kwa Mirdasi hata siku moja."

Khulayda akamshika Ubaidi joho. "Kaka, mwambie inavyofanywa kwetu. Mwambie tena."

"Nimemwambia, dada."

"Hukumwambia vizuri!"

Mirdasi alimchukua Lubaba mikononi kama mtu aliyepewa chungu kilichotoka motoni, hajui amshike wapi. Dhuaybu alitoka msikitini bila viatu, hakurudi kuvifuata. Hatukumwona tena.

Eda ilipokwisha Mirdasi akaondoka nao kuelekea mashariki. Ubaidi alirudi Madina, akaacha uandishi, na miaka mitatu baadaye nikamzika. Barua ninayo, udongo haujavunjika. Anayedai ni ya kughushi aje auone muhuri.

Lililompata Khulayda huko mashariki nalijua. Nimeulizwa na majirani, nimeulizwa na binti zangu mwenyewe. Sisemi.